Sauti Ipo, Picha Hakuna

Unafungua somo la mtandaoni, unabonyeza alama ya kucheza, na sauti ya mhadhiri inasikika vizuri kabisa. Picha hakuna. Kisanduku cha video ni cheusi tii. Unafungua YouTube kwenye kompyuta ileile, kwa bando lilelile, na kila kitu kinakwenda sawa. Au inakuwa hivi: hakuna sauti wala picha, kiduara kinazunguka tu katikati ya kisanduku, ilhali tovuti nyingine zote hazina shida. Wengi wakifika hapo huulaumu mtandao. Wanazima ruta na kuiwasha tena, wanabadili laini, wananunua bando jingine. Pesa inakwenda na picha hairudi, kwa sababu sauti inapofika bila picha, kasi ya mtandao kwa kawaida haihusiki, na kiduara nacho kinaweza kuzunguka hata pale ambapo video imeshafika yote.

Ili kuona tatizo lilipo, inafaa kujua video inapita wapi. Haisafiri kwenye intaneti ikiwa picha kamili. Dakika moja ya video ya 1080p, kama kila fremu ingetumwa nzima bila kubanwa, ingezidi gigabaiti 4. Kwa hiyo hubanwa kwa kanuni iitwayo kodeki, na ikifika kwako kompyuta huifumbua fremu moja baada ya nyingine, fremu 25, 30 au hata 60 kila sekunde. Kodeki zenyewe ni kadhaa. H.264 ya mwaka 2003 ndiyo kongwe na inaeleweka karibu kila mahali. HEVC, ambayo pia huitwa H.265, na VP9 ya Google zilikuja mwaka 2013, na AV1 ikafuata mwaka 2018. Kwa ujumla, kadiri kodeki ilivyo mpya ndivyo inavyobana zaidi, na ndivyo inavyodai hesabu nyingi zaidi wakati wa kufumbua.

Kazi hiyo ya kufumbua ina njia mbili. Kivinjari kinaweza kuifanya chenyewe kwa programu, kikitumia kichakataji kikuu cha kompyuta. Au kinaweza kuikabidhi kwa saketi maalumu iliyomo ndani ya chipu ya michoro. Saketi hiyo ni kama mashine ya kukoboa mahindi: kazi yake moja inaifanya upesi na kwa umeme kidogo, lakini ukiipelekea kitu ambacho haikutengenezewa haina la kufanya. Kuitumia saketi hiyo, pamoja na kuiachia chipu ya michoro kazi ya kuchora ukurasa wenyewe, ndiko kunakoitwa uharakishaji wa maunzi. Chrome, Edge na Firefox huja na uharakishaji huo ukiwa umewashwa tayari.

Tovuti hazitumii kodeki moja. YouTube huhifadhi video zake kwa kodeki zaidi ya moja na kuchagua ya kukutumia kulingana na kompyuta na kivinjari chako. Tovuti ya chuo, ya gazeti au ya kanisa mara nyingi huwa na nakala za H.264 peke yake. Ndiyo maana ndani ya kompyuta moja video mbili zinaweza kupita njia mbili tofauti kabisa, na njia moja ikaharibika bila nyingine kuguswa.

Chukua kisa cha mwalimu wa sekondari wa Dodoma anayesoma shahada ya pili kwa njia ya mtandao. Laptopu yake ni ya mtumba kutoka Ulaya, yenye Core i5 ya kizazi cha 4, chipu ambazo Intel ilianza kuziuza mwaka 2013. Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma Oktoba 2025, fundi alimwekea Windows 11 kwa kukwepa masharti yake, maana rasmi Windows 11 inataka Core i5 ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Kompyuta inawaka, inafungua kila kitu, YouTube inacheza. Mihadhara ya chuo peke yake ndiyo nyeusi, sauti tupu. Kwenye simu mihadhara hiyohiyo inaonekana, kwa hiyo chuo kinamjibu kwamba tovuti ni nzima. Na kweli ni nzima.

Chipu ya laptopu hiyo ina saketi ya kufumbua H.264. Ya VP9 haina, na ya AV1 haina. Tovuti ya chuo inatuma H.264, Chrome inaona saketi ipo, inaikabidhi kazi. YouTube inatuma VP9 au AV1, Chrome inaona saketi haiziwezi, inazifumbua yenyewe kwa programu. Kwa hiyo YouTube inacheza vizuri kwa mwalimu huyu kwa sababu tu haipiti penye kasoro. Watu hushangaa sana wakielezwa hivi, kwa kuwa ni kinyume cha wanavyodhani: video inayogoma ndiyo ile ambayo kompyuta ina kifaa cha kuifumbua.

Kasoro yenyewe mara nyingi iko kwenye draiva, ile programu inayounganisha Windows na chipu ya michoro. Saketi ikishindwa na draiva ikatoa taarifa ya kushindwa, Chrome hurudi kimyakimya kwenye njia ya programu na wewe huoni lolote. Picha nyeusi hutokea pale ambapo draiva inasema kazi imekamilika ilhali fremu ilizorudisha ni tupu, au inashindwa kuziweka kwenye skrini. Kivinjari hakina namna ya kujua kwamba unachokiona ni weusi. Na kwa kuwa saa ya video hufuata sauti, dakika zinaendelea kuhesabika na mhadhara unasonga mbele kana kwamba hakuna kilichotokea.

Dhana hiyo inaweza kuthibitishwa kabla ya kugusa mpangilio wowote. Andika anwani hii kwenye Chrome, katika kichupo kipya:

```
chrome://media-internals
```

Uache ukurasa huo wazi, kisha nenda kwenye kichupo kingine ucheze video inayogoma. Ukirudi utakuta mstari mpya. Ubonyeze, na katika orodha ndefu itakayofunguka tafuta vitu viwili tu. `kVideoDecoderName` ni jina la kifumbuzi kinachofanya kazi. `kIsPlatformVideoDecoder` inasema kama kazi iko kwa maunzi, kwa neno `true`, au kwa programu, kwa neno `false`. Kwenye laptopu ya mwalimu wetu, mhadhara wa chuo utaonyesha `D3D11VideoDecoder` na `true`. Video ya YouTube itaonyesha `VpxVideoDecoder` ikiwa ni VP9, au `Dav1dVideoDecoder` ikiwa ni AV1, pamoja na `false`. Tofauti hiyo ikijitokeza, na inayogoma ikawa ndiyo yenye `true`, sehemu kubwa ya uchunguzi imekwisha.

Asiyependa kusoma orodha kama hizo anaweza kutumia Task Manager ya Windows. Fungua sehemu ya Performance, chagua GPU, utazame mchoro ulioandikwa Video Decode huku video ikicheza. Ukipanda, saketi inafanya kazi. Ukilala chini huku CPU ikipanda, kazi iko kwa programu. Dalili nyingine ni kwenye ubora: mara nyingine ukishusha video hadi kiwango cha chini kabisa picha inatokea ghafla, kwa sababu video ndogo Chrome huweza kuamua kuifumbua yenyewe. Wengi wakiona hivyo huhitimisha kwamba mtandao ulikuwa mdogo, na wanarudi tena kwenye bando.

Sasa zima uharakishaji. Kwenye Chrome bonyeza nukta tatu za juu kulia, ingia Settings, kisha System, uzime swichi iliyoandikwa Use graphics acceleration when available. Kwenye matoleo ya zamani imeandikwa hardware badala ya graphics. Kitufe cha Relaunch kitatokea pembeni, na lazima ukibonyeze, kwani bila kivinjari kuanza upya hakuna kinachobadilika. Edge nayo ina swichi kama hiyo katika sehemu yake ya System. Kwenye Firefox ingia Settings, General, shuka hadi Performance, ondoa tiki kwenye Use recommended performance settings, na chini yake itatokea ile ya Use hardware acceleration when available. Zingatia pia kwamba Chrome na Edge zimejengwa juu ya msingi mmoja, hivyo kuhama kutoka moja kwenda nyingine si kipimo kizuri cha kama kivinjari ndicho kibovu. Firefox ndiyo inayokupa jibu la maana.

Picha ikirudi, usiishie hapo ikiwa unaweza kwenda mbele. Kuzima uharakishaji kunahamishia mzigo wote kwenye kichakataji kikuu: feni inalia, betri inakwisha mapema, na ramani au michezo ya ndani ya kivinjari inakuwa mizito. Kwa laptopu yenye kichakataji cha viini viwili, video ya 1080p yenye fremu 60 kwa sekunde inaweza kuanza kurukaruka. Kuna njia ya kati ambayo wengi hawaijui. Washa tena swichi kuu, kisha fungua anwani hii:

```
chrome://flags/#disable-accelerated-video-decode
```

Weka Disabled, uanzishe kivinjari upya. Hapo chipu ya michoro inaendelea kuchora kurasa kama kawaida, na kinachozimwa ni kufumbua video tu. Kwa mtu mwenye draiva mbovu asiyeweza kuibadilisha, naiona hii kuwa bora kuliko kuzima kila kitu.

Dawa ya kudumu ni draiva. Fungua Device Manager, panua Display adapters, usome jina lililopo. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, kompyuta haina kabisa draiva ya chipu yake. Hilo ni jambo la kawaida baada ya Windows kuwekwa upya haraka haraka, na skrini inaonekana nzuri tu hadi ufike kwenye video. Ukikuta jina halisi la chipu, fungua Properties, kisha Driver, utazame tarehe. Tatizo likiwa limeanza mara tu baada ya Windows kujisasisha, kitufe cha Roll Back Driver kinarudisha draiva ya awali. La sivyo, nenda kwenye tovuti ya msaada ya mtengenezaji wa laptopu, uandike modeli yako kamili, upakue draiva ya michoro kutoka hapo. Kwa chipu za umri wa ile ya mwalimu wa Dodoma kuna ukomo: hazitolewi tena draiva mpya, na zilizopo zilitengenezwa kwa Windows za nyuma. Ikiwa hata ya mtengenezaji inatoa weusi, ile njia ya kati ndiyo itakayobaki.

Kiduara kinachozunguka kina hesabu yake. Kivinjari huiambia tovuti kwamba kinasubiri kila kinapokosa fremu ya kuonyesha, na tovuti huchora kiduara. Hakisemi fremu imekosekana kwa sababu gani. Inaweza kuwa data haijafika, na inaweza kuwa data imefika ila kifumbuzi kimekwama. Namna ya kutofautisha iko mbele ya macho: utazame ule mstari wa muda chini ya video, uone sehemu ya kijivu inayotangulia alama ya mahali ulipo. Hiyo ndiyo data iliyokwisha kupakuliwa. Kijivu kikiwa kimetangulia kwa sekunde 20 au 30 huku picha imeganda, mtandao umeshatimiza kazi yake na tatizo liko ndani ya kompyuta. Kwenye YouTube bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video, uchague Stats for nerds, usome Buffer Health, ambayo ni kijivu hichohicho kwa tarakimu. Hapohapo Codecs itakuonyesha kama umetumiwa `avc1`, yaani H.264, au `vp09`, au `av01`, na fremu zilizoachwa njiani zimehesabiwa zikiwa na neno dropped. Hesabu hiyo ikipanda kila sekunde huku Buffer Health ikiwa nzuri, kompyuta imelemewa na kufumbua. Kwa mashine za zamani nafuu ni kushusha ubora hadi 720p au 480p, au kuweka kiendelezi kiitwacho h264ify, ambacho huifanya YouTube itume H.264 ili saketi iliyopo ipate kazi. Bila shaka kiendelezi hicho hakimfai mwenye draiva inayotoa weusi kwa H.264, kitamharibia hata YouTube.

Kijivu kisipotangulia hata kidogo, hapo rudi kwenye mtandao, ila ukumbuke kwamba mtandao nao haulingani kwa kila tovuti. Google huweka hifadhi zake ndani ya mitandao ya watoa huduma sehemu nyingi duniani, Afrika Mashariki ikiwemo, kwa hiyo video maarufu ya YouTube inaweza kukufikia kutoka karibu. Tovuti ndogo iliyowekwa kwenye seva ya Ulaya inapita kwenye nyaya za chini ya bahari, na mwezi Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania na majirani zake waliona jinsi njia hiyo inavyobanwa. Kabla ya kuilaumu bahari, hata hivyo, fungua dirisha la faragha kwa Ctrl+Shift+N ujaribu video humo. Kwa kawaida viendelezi havifanyi kazi kwenye dirisha hilo, na kizuia matangazo kinachozuia kimakosa faili ya video ni sababu ya kiduara kisichokoma katika tovuti moja tu.

Huduma za filamu za kulipia ziwekwe kando. Zenyewe hulinda picha kwa mfumo uitwao Widevine au mwingine wa aina hiyo, na weusi unaouona unaposhirikisha skrini kwenye kikao cha mtandaoni, au unapounganisha projekta ya zamani, umekusudiwa. Hakuna cha kutengeneza hapo.

Kuna weusi mmoja zaidi ambao kuzima uharakishaji hauuponyi, na wakati mwingine unauleta. Tangu mwaka 2017 simu za iPhone zimeweza kurekodi kwa HEVC, na simu nyingi za Android pia zinaweza. Mtu anarekodi harusi au somo kwa simu, anapandisha faili ileile kwenye tovuti yake. YouTube ingeibadilisha yenyewe kuwa kodeki nyingine. Tovuti ndogo haibadilishi kitu, inaitoa kama ilivyoingia. Chrome ilianza kucheza HEVC mwishoni mwa mwaka 2022, na kwenye Windows kwa sharti moja: lazima maunzi yaifumbue. Chrome haina kifumbuzi cha programu cha HEVC. Kompyuta isiyo na saketi hiyo, na hata ile iliyo nayo ila uharakishaji umezimwa, hutoa sauti na kisanduku cheusi. Hivyo mtu aliyezima swichi mwaka jana ili kuponya tovuti moja anaweza leo kukutana na weusi kwenye nyingine, na kuuponya kwa kuiwasha tena. Utaitambua hali hii kwa urahisi: hata kompyuta ya rafiki yako, ikiwa ni ya umri uleule, itaonyesha weusi uleule, na simu itaonyesha picha safi.

Hapo mtazamaji hana cha kufanya zaidi ya kumwandikia mwenye tovuti, na mwenye tovuti ana kazi ya amri moja. Programu huria ya FFmpeg inabadilisha faili hivi:

```
ffmpeg -i somo.mov -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -crf 23 -c:a aac -movflags +faststart somo.mp4
```

`libx264` inatoa video ya H.264. `yuv420p` inaiondoa kwenye rangi za biti 10 ambazo simu mpya hurekodi na ambazo saketi nyingi za H.264 hazizijui. `crf 23` ni kiwango cha ubora. Namba ikishuka ubora unapanda na faili inakuwa nzito zaidi. Na `faststart`, ambayo watu huisahau, inahamisha faharasa ya video kutoka mkiani mwa faili hadi mwanzoni. Faharasa hiyo ikibaki mkiani, kivinjari hakiwezi kuonyesha fremu ya kwanza mpaka kiifikie, na kwenye seva isiyoruhusu kuruka hadi mwisho wa faili, mtazamaji atatazama kiduara mpaka megabaiti zote zishuke.